Naomba ushauri: msimulizi wangu wa miaka 15 anaongea kama mzee wa baraza

Jamani naombeni msaada. Nina hadithi fupi, msimulizi kijana wa Langoni hapa Lamu, babake kapanda boti ya Mokowe na hatarudi. Niliandika: “Huzuni isiyo kifani ilinitanda moyoni nilipoitazama boti ikitoweka.” Mpwa wangu kasoma akacheka, ati huyu anatoa hotuba ya msiba. Nikakimbilia sheng ya Nairobi, hapo ndo akanicheka zaidi, nani huku anaongea hivo na nyanyake! Sasa nimeitoa ile huzuni yenyewe: “Boti ikenda. Mi nkajifanya natafuta ndara, na nishaivaa zamani. Ali akaniuliza walia, nkamwambia ni mchanga.” Naona inapumua, manake kijana hataji hisia yake, anaificha. Shida iliyobaki ni Kiamu, lahaja yetu ya hapa Lamu, nikiweka ndia, mai na yana badala ya njia, maji na jana kila mstari msomaji wa Mwanza anapotea. Nafikiria akiongea na nyanyake iwe Kiamu kamili, akisimulia nibakishe mi na nka tu. Mnaonaje, ama ataonekana watu wawili?