MREJESHO: Mtoto aliyeshikwa ulimi

Niliuliza: "Mwanangu ananyonya muda mrefu halafu analia njaa, chuchu zangu zimechanika. Nesi anasema ameshikwa ulimi. Akatwe?"

Wapendwa, amekatwa, ila si papo hapo. Daktari alisema watoto wengi wana utando huo unaoshika ulimi kwa chini na wananyonya vizuri tu, hao hawakatwi. Kwanza nesi alinirekebisha nilivyompakata: tumbo lake kwangu, pua ielekee chuchu, nisubiri apanue mdomo ndipo nimsogeze. Maumivu yalipungua, lakini chuchu iliendelea kutoka imebanwa mshazari kama lipstiki mpya, ulimi ukilia "ta, ta", na uzito haukupanda. Daktari akapima kwa kidole: ulimi haukuvuka ufizi wa chini. Hapo ndipo akashauri kukata.

Aliuliza kama mtoto alipata sindano ya vitamini K, ile ya kusaidia damu igande, alipozaliwa, na kama ukoo una tatizo la kutokwa damu. Mtoto akafungwa kwenye kanga, nesi akamshika kichwa, mkasi wenye ncha butu ukapita sekunde chache. Bila ganzi, maana ni mchanga bado. Damu ilikuwa matone tu, nikamnyonyesha hapo hapo.

Mama wenzangu, baadaye chini ya ulimi patakuwa na weupe. Si usaha wala fangasi, ni kidonda kinapona, msikisugue. Damu ikiendelea, rudini haraka.

Hakubadilika siku ileile, alijifunza taratibu kuutumia ulimi. Sasa namsikia akimeza, na uzito kliniki umeanza kupanda. Asanteni sana.