Swali linasema "endeleza", shairi lenyewe halipo: nani apewe alama?

Mzazi wa Busia anauliza:
Binti yangu yuko kidato cha pili. Mtihani wa mwisho wa muhula, swali la 4: "Endeleza shairi lililo hapo juu kwa beti tatu. Alama 15." Hapo juu palikuwa peupe. Akatunga beti tatu zake mwenyewe, akapata 0. Rafiki yake aliacha wazi, naye 0. Mwalimu anasema hakuna walichoendeleza. Sasa, mtu akiambiwa aendeleze kitu ambacho hakupewa, atunge au aache? Na hizo alama 15 ziende kwa nani?

Boda wa Malaba:
Atunge bwana, kwani kuna jingine? Shairi ni hesabu. Mishororo minne, mizani 16, nane huku na nane kule, vina vikae mahali pake. Mtoto akitimiza hayo apewe alama zake. Kosa si lake, kosa ni la karatasi.

Mwalimu wa Mbale:
Ndugu yangu wa Malaba, hesabu yako ni sawa kwa tarbia ya kawaida. Lakini nani alikwambia shairi lililopotea lilikuwa tarbia? Lingekuwa utenzi, kila mshororo ungekuwa na mizani 8 tu, na huyo mtoto angekuwa amejaza kikapu kwa maji ya mtungi. Mzazi, nina ombi moja kabla sijasema mengi. Ubeti wenyewe umepatikana?

Mzazi wa Busia:
Umepatikana jana, mwalimu amenionyesha kwenye daftari lake. Ni huu:

Mvua yaja mlimani, wingu jeusi lashuka,
Walio huko shambani, majembe wameyashika,
Watoto wako njiani, daraja limekatika,
Mto Manafwa jamani, nani atakayevuka?

Na binti yangu alianza hivi: "Naliona soko letu, limejaa biashara." Akaendelea na mambo ya soko hadi mwisho.

Msomaji wa Soroti:
Hata mimi nimechoka na hii tabia. Mtu anakuletea hadithi sehemu ya kwanza hadi ya tano, msichana yuko mlangoni na bastola, halafu kimya miezi miwili. Ukiuliza anakwambia subiri. Waandishi wa namna hiyo wasisomwe kabisa!

Boda wa Malaba:
Soroti, hapa wewe umepanda gari la kwenda Gulu. Hapa mwendelezo tunao, kilichokosekana ni mwanzo.

Mwalimu wa Mbale:
Ahsante mzazi, sasa tuna kitu mkononi. Hesabu mshororo wa binti: na-li-o-na so-ko le-tu, nane. Li-me-ja-a bi-a-sha-ra, nane. Huyo mtoto anajua kazi, na aliyemfundisha mizani hakulala darasani. Lakini weka ubeti wake chini ya ule wa mto uone. Vina vya kule ni -ni katikati na -ka mwishoni, yeye ana -tu na -ra. Kule kuna watoto njiani na daraja limekatika, huku mtu anatazama ndizi sokoni. Na kikubwa kuliko vyote, kule kuna kibwagizo. "Mto Manafwa jamani, nani atakayevuka?" ndio unaorudi kila ubeti, ndio unaolibeba shairi zima. Hakuna mtoto duniani anayeweza kuubuni mshororo huo bila kuuona. Mizani unaweza kubahatisha ukapata, maana tarbia ni nyingi. Kibwagizo hakibahatishwi.

Mimi ningeuendeleza hivi:

Mdogo yu mgongoni, dada anatetemeka,
Kamba wafunga mtini, fundo nalo lafunguka,
Wazee wapo ng'amboni, sauti zimekauka,
Mto Manafwa jamani, nani atakayevuka?

Nilifanya nini hapo? Nimewachukua watoto walewale, nimewasogeza hatua moja kutoka njiani hadi kwenye maji. Sikuleta mtu mpya isipokuwa wazee, nao nimewaweka ng'ambo ili swali la kibwagizo lizidi kuuma. Kazi hiyo yote inatoka kwenye ubeti wa kwanza. Ndiyo maana nasema mwalimu yule yuko sahihi kwamba binti hakuendeleza. Alipokosea ni kumwandikia 0 kana kwamba hilo ni kosa la binti.

Boda wa Malaba:
Sawa, nimeshindwa kwenye kibwagizo. Lakini nijibu hili: umetumia -ni na -ka tena. Nani amekulazimisha? Mimi nasoma mashairi ambayo kila ubeti una vina vyake.

Mwalimu wa Mbale:
Swali zuri, na hapo umenikamata kidogo. Hakuna aliyenilazimisha. Shairi likiwa la mtiririko, vina ni vilevile toka mwanzo hadi mwisho. Likiwa ukaraguni, kila ubeti unabadilisha, ila kibwagizo kikiwepo hakibadiliki. Kwa ubeti mmoja tu huwezi kujua mtunzi alikusudia lipi. Ungehitaji angalau beti mbili. Kwa hiyo hata karatasi ingekuwa nzima, msahihishaji angepaswa kukubali yote mawili. Na shairi lingekuwa pindu, ambalo maneno yanayofunga ubeti ndiyo yanayofungua unaofuata, bila kuona mshororo wa mwisho usingeweza hata kuandika neno la kwanza.

Afande mstaafu, Bombo:
Vijana, niwape yaliyonikuta. Kwenye kwanjula ya mpwa wangu, ile sherehe ya wakwe kutambulishana, upande wa mke walileta mshairi. Mimi nilichelewa, gari liliharibika Wobulenzi. Nafika, naingia hemani, MC ananipa kipaza sauti: "Mzee wetu, jibu pale walipoachia." Wameachia wapi? Sikusikia hata neno! Watu mia tatu wananitazama, jasho linatoka.

Sikutunga. Nilimgeukia yule mshairi, nikasema, "Mkwe, nirudishie ubeti wako wa mwisho, masikio yangu yamebaki barabarani." Watu wakacheka, akaurudia. Nikashika vina vyake, nikashika kibwagizo chake, nikamjibu. Ningejifanya nimesikia ningeimba mambo ya ng'ombe wakati yeye ameuliza mambo ya tabia ya kijana. Kwa hiyo jibu langu kwa mzazi: si atunge wala aache. Aombe.

Mzazi wa Busia:
Afande, aliomba! Alinyoosha mkono. Msimamizi wa chumba alikuwa mwalimu wa baiolojia, Kiswahili hakisomi. Akatazama karatasi, akasema, "Fanyeni mnavyoweza." Mwalimu wa Kiswahili ni mmoja shule nzima, siku ile alikuwa chumba kingine na kidato cha kwanza.

Mwalimu kijana, Arua:
Hapo mmefika kwangu. Mtaala mpya wa sekondari wa Uganda, wa 2020, umetuletea wanafunzi wengi wa Kiswahili na sisi tumebaki wachache, basi karatasi nzima hupitia kwa watu wasioisoma. Mimi mwenyewe niliwahi kufanya kosa hilohilo. Shairi nililiweka ndani ya kiboksi, kwa sababu linapendeza likiwa na fremu. Kwenye kompyuta yangu lilionekana. Nikapeleka faili kwenye duka la kuchapa, mashine yao ikafungua faili na kukiacha kiboksi. Maandishi ya kawaida yalibaki, kiboksi kikayeyuka. Yule kijana wa duka angejuaje? Aliona pengo, akadhani ni nafasi ya kuandikia majibu. Nakala 180 zikatoka, na mimi nikazifunga kwenye bahasha bila kuzitazama.

Tangu hapo shairi naliandika kama maandishi ya kawaida, na swali silianzi tena kwa "lililo hapo juu". Naandika: "Endeleza shairi linaloanza 'Mvua yaja mlimani'." Shairi likipotea, hata mwalimu wa baiolojia ataona kwamba maneno hayo hayapo popote kwenye karatasi, na mwanafunzi angalau anabaki na nusu mshororo: ameshajua mizani nane na kina cha -ni.

Boda wa Malaba:
Hiyo ni ya mwakani. Ya mwaka huu je? Alama 15.

Mwalimu kijana, Arua:
Mimi nilifuta swali kwa wote. Karatasi ikawa na alama 85, nikageuza kuwa mia. Tuseme mtoto ana 51 katika maswali mengine. Ukimwachia ile 0 anabaki na 51. Ukifuta swali, 51 kati ya 85 ni asilimia 60. Aliyetunga na aliyeacha wazi wanakwenda sawa.

Mwalimu wa Mbale:
Wanakwenda sawa, na hapo ndipo roho yangu haitulii. Binti ametumia labda nusu saa kutunga. Rafiki yake nusu saa hiyo ameitumia kurudia sarufi. Ukifuta swali, aliyeacha wazi amefaidi muda.

Ningependa kuwafundisha watoto njia ya tatu. Ukiomba ukakosa, andika juu kabisa: "Shairi halikuonekana. Ubeti wa kwanza nimetunga mwenyewe." Tunga ubeti huo, uupe kibwagizo, kisha andika beti tatu zinazoufuata. Hapo msahihishaji ana cha kulinganisha. Anaweza kuona kama kibwagizo kimerudi, kama watu wa ubeti wa kwanza bado wapo katika wa tatu, kama jambo limesogea. Ustadi wa kuendeleza umepimwa, ingawa juu ya mwanzo mwingine.

Mwalimu kijana, Arua:
Mwalimu, kwa heshima zote, hizo ni beti nne kwa muda wa tatu. Mtoto anayejua ataweza. Yule wa nyuma, ambaye ubeti wa kwanza ndio ungemshika mkono, utampima nini? Kwake ule ubeti ulikuwa msaada. Kuunyofoa ni kumwongezea swali.

Mwalimu wa Mbale:
Ni kweli. Sina jibu la huyo.

Afande mstaafu, Bombo:
Mimi bado nasema msimamizi angetuma mtoto mmoja akimbie chumba cha pili. Hatua hamsini.

Mzazi wa Busia:
Ninarudi na habari. Nimewaonyesha shuleni hesabu ya 85. Mwalimu amekubali kufuta swali kwa darasa zima. Rafiki yake amefurahi. Binti yangu amekasirika, anasema, "Baba, kwa hiyo beti zangu hakuna atakayezisoma?" Anaamini zilikuwa za alama 13. Zikihesabiwa hivyo, pamoja na zile 51 za mfano wako, anapata 64, si 60.

Afande mstaafu, Bombo:
Mwambie azilete hapa tuzisome sisi. Kibwagizo chake kinasemaje?

Mzazi wa Busia:
Nimemuuliza. Anasema hakuweka. Aliacha mshororo wa nne wazi kila ubeti, akingoja waletewe shairi.