Dawa ya kifua ya baba ilifanya kazi wiki tatu, sasa ni kama anameza chaki

Mtoto wa Mgeta
Wakuu, salaam. Naomba ushauri kuhusu mzee wangu, miaka 63. Tangu mwaka jana akipandisha kile kilima cha kwenda nyumbani kifua kinambana katikati, kama mtu amemkalia, maumivu yanaenda hadi bega la kushoto. Akisimama dakika chache yanaachia. Hospitali walipima, wakasema mishipa inayolisha moyo imekuwa myembamba, yaani anjina. Akapewa aspirini, dawa ya kolesteroli, na isosobaidi dinitrati ya miligramu 10 mara tatu kwa siku. Akapewa pia vidonge vidogo vya kuweka chini ya ulimi kifua kikibana.

Wiki ya kwanza kichwa kilimuuma mpaka akataka kuacha. Baadaye kichwa kikapoa, na kifua kikatulia kabisa, akawa anapanda kilima anapiga mluzi. Sasa ni wiki ya sita, kifua kimerudi vilevile. Dawa hakosi hata siku moja, mimi mwenyewe ndiye ninayempangia: saa 12 asubuhi, saa 8 mchana, saa 4 usiku. Hajaruka dozi. Nimeanza kuhisi duka limetuuzia feki. Kuna mwenye uzoefu?

Bandari Kavu
Pole sana mkuu. Mwili umeizoea dawa, ni kawaida tu. Mwambie daktari aongeze, aende kwenye 20. Mama mkwe wangu waliongeza akakaa sawa.

Binti Sayuni
Mwambieni apunguze mbolea shambani, hizo nitrati ndizo zinaharibu maji ya visima huku kwetu. Kuna mtoto mchanga wa jirani alipata shida ya damu.

Mtoto wa Mgeta
Dada asante, ila hii ni nitrati ya kidonge. Mzee hajagusa mbolea miaka.

Zamu ya Usiku
Mtoto wa Mgeta, nimekaa kliniki ya moyo miaka kadhaa, upande wa famasia. Kabla ya kulaumu duka, tazama ratiba yako. Umempangia vizuri mno. Umegawa siku vipande vitatu vya saa nane nane kama dozi ya antibayotiki, na kwa dawa hii huko ndiko kuiua.

Nitrati yenyewe haipanui mshipa. Ikifika kwenye ukuta wa mshipa inavunjwavunjwa na kutoa gesi, nitriki oksaidi. Gesi hiyo inauamsha msuli wa mshipa utengeneze kitu kinaitwa cGMP, nacho ndicho kinauambia msuli ulegee. Inayolegea zaidi ni mishipa inayorudisha damu moyoni. Damu inatulia kidogo miguuni na tumboni, moyo unapokea mzigo mdogo, unasukuma bila kutaka oksijeni nyingi. Ndiyo maana mzee alipanda kilima. Kichwa nacho kiliuma kwa sababu hiyohiyo, mishipa ya kichwani ililegea.

Sasa mshipa ukikaa na nitrati usiku na mchana bila kupumzika, unaacha kuitikia. Inaweza kuanza ndani ya siku moja mbili tu. Kwa nini hasa, wataalamu hawajakubaliana: wapo wanaosema kile kimeng'enya kinachoitoa gesi kinachoka, wapo wanaosema mwili unarudisha maji na kukaza mishipa ili kujilinda. Lakini dawa yake inajulikana: kila siku mwili ukae saa 10 mpaka 14 bila nitrati. Kuongeza dozi bila mapumziko, kama alivyosema Bandari Kavu, kunaleta nafuu ya siku chache tu, halafu mnarudi palepale.

Kokoto Mzee
Ngoja niseme langu. Miaka ya themanini nilikuwa kwenye machimbo ya mawe, kazi yangu kuchomeka baruti, zile za zamani zenye mafuta ndani. Jumatatu kichwa kilikuwa kinapasuka, kufika Jumatano unafanya kazi kama si wewe. Jumapili unapumzika, Jumatatu kichwa tena. Wenzangu wengine walikuwa wanaficha kipande kidogo kwenye ukanda wa kofia siku ya mapumziko ili wasianze upya. Sikujua mpaka leo kama inahusiana na dawa za moyo.

Zamu ya Usiku
Mzee Kokoto shikamoo. Umetusomesha bila kujua. Hayo mafuta ndani ya baruti ni nitrogliserini, ndiyo hiyohiyo iliyomo kwenye kidonge cha chini ya ulimi, tofauti ni kiasi. Daktari Mwingereza William Murrell aliandika mwaka 1879 jinsi alivyowapa wagonjwa wa kifua. Alfred Nobel, aliyetajirika kwa baruti, mwishoni mwa maisha yake aliandikiwa na madaktari wake atumie nitrogliserini kwa ajili ya moyo, akaona ni kichekesho. Na huo mzunguko wenu wa Jumatatu viwandani waliuona pia: wengine walipata maumivu ya kifua siku za mapumziko, mishipa iliyozoea ilipoachwa ghafla. Kwa hiyo Mtoto wa Mgeta, kichwa cha mzee kilipoacha kuuma mkashangilia, ile nayo ilikuwa ishara kwamba mwili umeanza kuizoea.

Kwa kidonge cha kawaida cha mara tatu, wengi huandikiwa saa 1 asubuhi, saa 6 mchana, saa 11 jioni, basi. Kutoka saa 11 jioni mpaka saa 1 asubuhi ni saa 14 za mapumziko. Ila usibadilishe kwa uzi wa mtandaoni, nenda na karatasi ya ratiba yako kwa daktari. Kama maumivu yake huja usiku, mapumziko yatahamishwa, au ataongezewa dawa ya kupunguza mapigo ya moyo ili isimamie zile saa tupu.

Halafu niambie: vidonge vya chini ya ulimi anavihifadhi wapi?

Mtoto wa Mgeta
Kwenye kikaratasi cha nailoni, mfuko wa shati. Chupa yake ya kioo tuliona itavunjika.

Zamu ya Usiku
Basi hivyo vimekwisha. Nitrogliserini inapaa hewani na inanyonywa na plastiki. Akivitia ulimini ni unga mtupu. Nunua vipya, vibaki kwenye chupa yake ya kioo, kifuniko kikiwa kimefungwa vizuri, mbali na joto, na andika tarehe uliyofungua. Wengi wetu tunashauri vibadilishwe baada ya wiki nane. Na asivimeze, ini linaviharibu karibu vyote kabla havijafika kokote. Aketi kwanza, ndipo aweke. Dakika tano zikipita kifua hakijaachia, msisubiri, ni hospitali.

Bandari Kavu
Nimekubali, hiyo ya mapumziko sikuijua. Ila nina swali la wanaume, samahani kina dada. Kama usiku hakuna nitrati mwilini, si ndiyo nafasi ya mtu kutumia ile ya bluu? Mimi nilisikia Viagra na dawa ya moyo unaachanisha saa 24 tu inatosha.

Mtoto wa Mgeta
Bandari Kavu umenigusa nilipokuwa naogopa kusema. Baba alioa tena mwezi wa nne. Jana nikitafuta kadi yake ya kliniki nimekuta kwenye droo paketi ya tadalafili ya 20, vimebaki vidonge viwili. Na kichupa cha unga wa mitishamba, hakina lebo. Nikakumbuka wiki iliyopita mama mdogo alisema mzee alianguka bafuni alfajiri, tukadhani ni sukari.

Zamu ya Usiku
Hapa naomba msome polepole.

Ile cGMP inayolegeza mshipa haikai milele. Mwilini kuna mfagizi wake, fosfodiesterasi namba 5, anayeizoa kila inapotengenezwa. Viagra, yaani sildenafili, pamoja na tadalafili na vardenafili zinamfungia mfagizi huyo nje. Kwa mwanaume asiye na nitrati, presha inashuka kidogo tu. Mwenye nitrati ana bomba linalomwaga cGMP kwa nguvu na hakuna anayezoa. Mishipa yote inalegea kwa pamoja, presha inaporomoka, na moyo ambao mishipa yake ni myembamba tayari unakosa damu. Mtu anaanguka, na wengine hawaamki. Sildenafili yenyewe ilianza kujaribiwa na Pfizer kama dawa ya anjina, na ikaishia kuwa marufuku kwa mtu yeyote anayetumia nitrati.

Zile saa 24 za Bandari Kavu zipo kweli, ila si ruhusa. Ni kanuni ya daktari wa dharura: mtu aliyemeza sildenafili akija na kifua, nitrati isubiri angalau saa 24. Kwa tadalafili ni saa 48. Mtu wa nitrati ya kila siku hana dirisha lolote. Piga hesabu ya mzee. Tuseme amemeza tadalafili saa 4 usiku. Dawa hiyo huchukua kama saa 17 na nusu kupungua nusu. Saa 12 asubuhi wewe mwanawe unamletea isosobaidi na chai, na tadalafili iliyomo mwilini bado ni zaidi ya nusu. Siwezi kuapa kwamba ndicho kilichomwangusha, lakini alfajiri hiyo ningeitilia shaka kabla ya sukari. Mapumziko ya usiku ni ya mishipa, na hata ndani yake mabaki ya nitrati ya jioni bado yapo.

Unga usio na lebo nao usiuamini. Nchi nyingi zimepima dawa za asili za nguvu za kiume na kukuta sildenafili imechanganywa kimyakimya.

Mpaka amwone daktari, paketi na kile kichupa visitumike. Kifua kikimbana sasa, na kuna uwezekano amemeza ndani ya siku mbili, msimwekee kidonge ulimini. Mkimbizeni hospitali na mseme wazi amemeza nini na saa ngapi, zipo dawa nyingine watakazompa. Akiwa ameshazimia, mlazeni chali, miguu juu, msimketishe.

Binti Sayuni
Kwa hiyo mzee hatakuwa na ndoa tena? Mke ni mdogo jamani.

Zamu ya Usiku
Sijasema hivyo. Daktari wa moyo anaweza kuangalia kama nitrati inaweza kuondolewa na anjina ikadhibitiwa kwa dawa nyingine, kisha ndiyo waongee hilo. Kwa wengine inawezekana, kwa wengine hapana. Lazima ajue kwanza.

Kokoto Mzee
Kijana, usiende wewe kumwuliza baba yako habari za droo. Atakana na atahamisha paketi. Tafuta mtu wa rika lake.

Mtoto wa Mgeta
Asanteni. Asubuhi nilimpigia daktari nikiwa nje, nikamweleza yote. Amesema isosobaidi isimame mpaka amwone kesho saa 3, na mzee asitembee kilimani. Ratiba atapanga mwenyewe. Vidonge vya nailoni nimetupa. Baba namwambia kesho ni kupima presha tu. Nimempigia mjomba, kaka wa marehemu mama, ndiye mtani wake wa bao. Yuko njiani, anashuka Msamvu usiku huu. Amecheka kwanza, halafu akanyamaza, akauliza: "Hivyo viwili vilivyobaki, wewe umeviweka wapi?"