MREJESHO: kona ya picha ya babu imerudi

Niliuliza: "Picha ya babu ya studio imechanika kona ya chini kulia, mguu wa kiti na mkeka havipo, navirudishaje kwenye GIMP?"

Wakuu wa Iringa na Mbeya, imekubali! Mguu wa kushoto ulikuwa mzima, nikaukopi kwenye leya mpya nikaugeuza kwa Flip Horizontal, umbo likakaa safi ila bado macho yalikuwa yanakataa. Kumbe taa ya studio ilitokea kushoto, sasa mguu uliogeuzwa unang'aa upande wa kulia, mwanga hauwezi kuja hivyo. Nikatumia Dodge / Burn, nje nikafifisha, ndani nikaangaza kidogo kidogo.

Mkeka ndo ulinitesa. Nilianza na Heal, ukungu mweupe ukaingia maana ile zana inachanganya rangi za jirani, na jirani yake ni nyuzi za karatasi iliyochanika. Nikafuta kwanza ule ukingo mweupe, kisha Clone, nachota sehemu tofauti tofauti nikifuata mistari ya ukili, la sivyo doa moja linajirudia na jicho linalinasa haraka.

Ncha ya kiatu cha babu sijaigusa, kile kingine kimekaa pembe tofauti, ningekuwa nabuni.