Ratiba mbili za kurudia sakiti kwa wiki 4: ipi bora?

VoltiNjiro – Jumapili, saa 3:10 usiku
Wakuu, nimebakiwa na wiki 4 kabla ya mtihani wa sakiti, ile kozi ya kwanza. Nina ratiba mbili mkononi na kesho lazima nianze mojawapo.

Ratiba A nimepewa na jamaa aliyesoma Moshi: wiki ya kwanza DC, ya pili transienti, ya tatu AC, ya nne paua. Kila mada na wiki yake.

Ratiba B ni ya kaka wa mwenzangu wa chumbani. Anasema wiki mbili za mwanzo nipige AC na paua kwa sababu ndiko maksi ziliko, halafu wiki ya tatu nimalizie DC na transienti pamoja, ya nne nifanye mitihani ya nyuma tu.

Ipi nifuate?

MamaFezori – saa 3:22 usiku
Mdogo wangu, umeuliza dawa bila kutaja ugonjwa. Ni sapu au mtihani wa kwanza? Fezi tatu zimo? Unajibu maswali yote au unachagua? Na ulianguka wapi kwenye majaribio ya semista?

ChumaSakina – saa 3:31 usiku
Ratiba A bila kuuliza. Mimi nilifaulu kwa mtindo huohuo. Ila wiki nzima ya transienti ni kupoteza muda. Ni fomula moja tu, τ = RC, ya koili L/R, unakariri jioni moja unalala. Siku zinazobaki ongeza kwenye meshi, ukijua meshi umeijua sakiti.

VoltiNjiro – saa 3:40 usiku
Samahani dada. Ni sapu. Fezi tatu hazimo, fezi moja tu. DC niko vizuri, transienti ndiyo iliyoniangusha. Na hiyo τ = RC naijua, kaka Chuma, lakini majibu hayatoki. Mfano swali hili: betri 12 V, rezista ya 6 kΩ mfululizo, kisha 3 kΩ na kapasita ya 100 µF zimekaa sambamba. Kapasita haina chaji, swichi inafungwa. Mimi nilijumlisha rezista, 9 kΩ, nikapata τ = 0.9 s. Nikaambiwa siyo.

ChumaSakina – saa 3:44 usiku
Mbona iko sawa? 9k mara 100 mikro ni 0.9. Labda msahihishaji alikosea.

MzeeWaMaabara – saa 4:05 usiku
Msahihishaji hakukosea. Na hapo ndipo ratiba yako inapoamuliwa, kijana, kwa hiyo nitaenda taratibu.

Kapasita haijali rezista zimechorwaje kwenye karatasi. Inajali ukinzani inaouona kutoka kwenye miguu yake miwili. Weka waya mahali pa betri, kisha simama kwenye miguu ya kapasita utazame ndani. Ile 6 kΩ sasa inarudi chini kupitia waya wa betri, na 3 kΩ nayo inakwenda chini. Ziko sambamba, kwa hiyo ni 2 kΩ. τ ni 0.2 s, siyo 0.9. Voti ya mwisho ni mgawanyo wa kawaida, 12 × 3/9 = 4 V. Jibu ni:

```
v(t) = 4(1 - e^(-5t))
```

Baada ya sekunde 0.2 utasoma 2.53 V. Kwa τ yako ungesoma 0.8 V tu.

Sasa utajuaje ukiwa peke yako kwenye chumba cha mtihani? Tazama ule mwanzo kabisa. Kapasita tupu ina voti sifuri, kwa hiyo 3 kΩ nayo ina sifuri na haipitishi kitu. Mkondo wote unaopita 6 kΩ, yaani 12/6k = 2 mA, unaingia kwenye kapasita. 2 mA ukigawa kwa 100 µF ni voti 20 kwa sekunde, ndiyo kasi ya kuanzia. Fomula yako lazima ikubaliane nayo: 4 ÷ 0.2 ni 20, sawasawa. 4 ÷ 0.9 ni 4.4, basi kuna kitu kimevunjika. Ukaguzi huo ni mistari miwili na haukuhitaji τ hata kidogo.

Umesema DC uko vizuri. Hauko vizuri. Swali ulilokosa ni la Thevenin, limevaa koti la transienti.

VoltiNjiro – saa 4:12 usiku
Duh. Shikamoo mzee.

MzeeWaMaabara – saa 4:13 usiku
Marahaba.

SapuMbili – Jumatatu, saa 12:50 asubuhi
Mimi nitasema la kwangu, maana nimelifanyia sapu hili somo mara mbili, nusura nidisko.

Mara ya kwanza nilifuata ratiba kama hiyo A. Paua ikaangukia wiki ya mwisho, na wiki ya mwisho ina mambo yake: mara umeme umekatika, mara umeitwa nyumbani. Nikaisoma siku mbili. Swali likaja jepesi kabisa: mzigo wa 4 + j3 Ω kwenye 100 V, tafuta P na Q. Pembe ya 3-4-5 naijua kichwani, 36.87. Mkondo 20 A, kwa hiyo S ni 2000 VA. Nikaandika 2000 × cos 36.87 kwenye kalkuleta, nikapata 1351 W. Nikatabasamu. Q ikatoka −1475. Nikasema aa, hasi, labda ndivyo ilivyo. Nikamaliza hata kipengele cha kusahihisha paua fakta kwa namba hizo, nikaweka kapasita kwenye mzigo ambao kwa hesabu zangu tayari ulikuwa wa kikapasita!

Kumbe kalkuleta ilikuwa kwenye radiani. Nilikuwa nimeiazima asubuhi ile kwa mtu, yangu imeisha betri. Na ubaya wa kosa hili ni kwamba 1351 inaonekana kama jibu la kweli. Ingekuwa inatoa milioni tatu ningeshtuka.

Tangu hapo kila P naitafuta kwa njia mbili. Mkondo 20, mraba wake 400, mara rezista 4: 1600 W. Hapo hakuna kosaini, kalkuleta haina pa kunidanganya. Na mzigo wenye +j ukikupa Q hasi, simama, usiendelee.

Kwa hiyo mimi ni Ratiba B. Paua isikae mwishoni.

MamaFezori – saa 1:30 asubuhi
Pole mwaya. Lakini B ina kasoro yake. Atasoma AC kabla ya kuimarisha Thevenin na nodi, wakati AC ni zilezile nodi ila namba zina j. Mtu asiyeweza kupata 2 kΩ katika swali la jana, ukimpa 4 + j3 sambamba na −j5 atalia.

FundiRandaRau – saa 4:15 asubuhi
Habari zenu wakuu. Nimeona mnazungumzia kapasita na paua fakta. Mimi nina karakana Moshi, mashine ya randa, mota ya fezi moja. Kuna kijana anauza kiboksi, anasema ukichomeka LUKU inakwenda taratibu. Ndani kuna kapasita. Ninunue?

ChumaSakina – saa 4:20 asubuhi
Nunua mzee. Kapasita inapunguza mkondo, mkondo ukipungua umeme unapungua. Ni fizikia.

MzeeWaMaabara – saa 5:02 asubuhi
Nusu yake kweli, Chuma. Volti, usione hii ni porojo, ni swali la mtihani wako kabisa.

Tuseme mota ya fundi inakula 1.5 kW kwa paua fakta 0.7 kwenye 230 V, 50 Hz. Mkondo ni kama 9.3 A. Ukitaka kufika 0.95 unahitaji kapasita ya takriban 62 µF sambamba na mota, na mkondo kwenye waya unashuka hadi kama 6.9 A. Hapo Chuma kasema kweli. Lakini mota bado inakula 1.5 kW ileile, na LUKU yako inahesabu kilowati-saa, haihesabu ampea. Unachookoa ni joto kidogo la nyaya zilizo kati ya mita na mashine. Nyaya zilizo kabla ya mita hazikuhusu.

FundiRandaRau – saa 5:20 asubuhi
Lakini jirani yangu anaapa yake imeshuka.

MzeeWaMaabara – saa 5:24 asubuhi
Muulize alipasua mbao ngapi mwezi ule na mwezi uliotangulia.

FundiRandaRau – saa 5:26 asubuhi
Hilo sikumuuliza. Nitarudi.

VoltiNjiro – saa 8:40 mchana
Jamani turudi kwangu. Nifuate ipi?

MzeeWaMaabara – saa 9:15 alasiri
Ningekuwa wewe ningezichana zote mbili. Wiki ya kwanza DC, lakini acha meshi za vitanzi vinne. Fanya nodi na Thevenin tu, na kila swali ukilimaliza chomeka kapasita kwenye vituo viwili vya mwisho ujiulize τ ni ngapi. Hapo transienti imeshaanza bila wewe kujua. Wiki ya pili transienti yenyewe, hasa swali la swichi inayofunguka wakati koili ina mkondo, maana mkondo wa koili haurukiruki, unaendelea kutoka ulipokuwa. Wengi wanauanza sifuri kwa mazoea. Wiki ya tatu AC, na kila sakiti ya AC ukiitatua tafuta P na Q zake hapohapo, usiisubirie wiki yake. Ya nne mchanganyiko kwa saa.

SapuMbili – saa 9:32 alasiri
Bado paua umeipeleka wiki ya tatu, mzee. Mimi sikubali.

MamaFezori – saa 9:50 alasiri
Hajajibu swali langu la jana. Unachagua maswali au unajibu yote?

VoltiNjiro – saa 11:05 jioni
Samahani dada, nilisahau. Ni maswali matano, unajibu manne. Na nilisahau pia kusema nashinda dukani Kijenge natengeneza simu mpaka saa 1 usiku, kwa hiyo nina kama masaa mawili kwa siku.

MamaFezori – saa 11:12 jioni
Haya sasa! Mambo haya ndiyo ya kusema mwanzoni. Kwa masaa mawili, mtu mwingine angeiacha kabisa transienti liwe lile swali la tano.

MzeeWaMaabara – saa 11:30 jioni
Na likija swali la AC lenye swichi ndani?

MamaFezori – saa 11:33 jioni
Kozi ya kwanza? Huwa haliji.

MzeeWaMaabara – saa 11:34 jioni
Nimeliona likija.

ChumaSakina – saa 12:10 jioni
Nimeichora ile ya 12 V upya, ni kweli 2k. Mtihani wangu nilifauluje basi?

SapuMbili – saa 12:14 jioni
😂😂 Ulichagua manne.

VoltiNjiro – saa 2:20 usiku
Leo usiku naanza na Thevenin, hilo angalau mmekubaliana wengi. Transienti kuiacha au kutoiacha nitaona Jumapili. Kuna mtu ana kalkuleta ya kuuza Arusha mjini? Yangu alama ya D juu ya skrini imefutika, sijui iko kwenye nini.

SapuMbili – saa 2:22 usiku
Andika cos 60. Ikitoka 0.5 uko salama. Ikitoka hasi 0.95, ndugu yangu, nakujua.