Mkaa, gesi au umeme: hesabu ya mwezi mmoja, familia ya watu watano Temeke

MamaNadia_Temeke
Habari zenu wanajamvi. Naweka manunuzi yetu ya mwezi uliopita, tupo watu watano nyumbani. Mtungi wa gesi wa kilo 15 nilijaza kwa 57,000 na umeisha mwezi ulipoisha. Mkaa nilinunua sado 18 za 2,000, jumla 36,000. Kwa hiyo kupika kumekula 93,000. LUKU sijaihesabu kwa sababu hatupikii umeme. Friji ndogo, feni, taa na TV zinakula kama uniti 60 kwa mwezi.

Gesi inapika chai, wali, ugali, mboga na samaki. Mkaa ni wa maharage na makande tu, mara tatu kwa wiki. Nataka kuuacha mkaa. Nibaki na gesi peke yake, au nihamie umeme moja kwa moja?

MkaaBeiPoa
Dada, tatizo si mkaa, ni sado. Huo ni ununuzi wa rejareja. Gunia la 80,000 likipimwa kwa sado unapata kama 50 ukishatoa chenga, yaani 1,600 kila moja. Hizo 18 zingekugharimu 29,000 hivi. Na umeme usijaribu kwa maharage. Jiko la wati 1,000 likiwaka saa moja limekula uniti moja, na maharage yanataka saa moja na nusu hata mbili. Piga mwenyewe.

FundiWaya
Hesabu ya wati iko sawa kwa jiko la plati, maana pale waya unawaka karibu muda wote na joto jingine linapotelea pembeni ya sufuria. Presha kuka ya umeme haifanyi hivyo. Inawaka mfululizo mpaka presha ipande, kama dakika 15 hadi 20, kisha inazima na kuwaka kwa vipindi vifupi tu kushikilia presha. Chungu kina kuta zinazozuia joto kutoka na mvuke haupotei, ndiyo maana nusu kilo ya maharage yaliyolowekwa usiku inaiva kwa uniti 0.3 hadi 0.4. Si lazima uniamini. Zima kila kitu kingine, soma mita kabla na baada.

Sasa turudi kwa Mama Nadia. Mara tatu kwa wiki ni vyungu 13 kwa mwezi. Mkaa wa 36,000 ukiugawa humo, kila chungu kinakula karibu 2,800. Chungu hicho hicho kwenye gesi, moto mdogo, kinachukua kama robo kilo, sawa na 950. Kwa presha kuka vyungu vyote 13 kwa pamoja ni uniti 5 hivi.

Lakini bei ya hizo uniti inategemea uko tarifu gani, na hapa ndipo watu wengi wanapokosea. Kwa uniti 60, wewe bila shaka uko D1. Huko uniti 75 za kwanza za mwezi ni shilingi 100, ukiongeza VAT na makato ya REA na EWURA inafika 122. Zinazozidi 75 zinapanda hadi 350 kabla ya kodi, karibu 427 mkononi. Ukizidisha mara kwa mara unahamishiwa T1, na huko kila uniti, hata ya taa, ni kama 356. Risiti inakuambia uko wapi: ukiondoa kodi ya jengo, 5,000 ya D1 inatoa uniti 41. Ukiona 14, uko T1.

Kwa hiyo presha kuka itakutoa 60 kwenda 65. Bado uko chini ya 75, na nyongeza ni kama 610 kwa mwezi mzima. Gesi ya 57,000 inabaki palepale. Jumla haifiki 58,000. Ukihamishia maharage kwenye gesi badala yake, utakuwa 69,000 na kidogo.

Umeme peke yake ni kisa kingine. Kazi inayofanywa na mtungi wako wa kilo 15 itataka karibu uniti 137 kwenye plati. Ukijumlisha na zako 65 unafika 202, na zote sasa zinalipiwa 356, karibu 72,000. Toa 7,300 uliyokuwa unalipa kwa taa na friji, kupika kumekugharimu zaidi ya 64,000. Wengi hupiga hesabu ya uniti za jiko peke yake, wakasahau kwamba jiko limepandisha bei ya friji pia. Jiko la indaksheni linapoteza joto kidogo, lingeshuka karibu na bei ya gesi, ila lisikupe sababu ya kuuza mtungi. Umeme ukikatika saa kumi na mbili jioni, utapika na nini?

Mpangaji_Sinza
Mkuu, hiyo D1 ni ya wenye mita zao. Sisi tupo vyumba sita kwenye LUKU moja, tuko T1 tangu nihamie. Na wenzangu wakiona nina jiko la umeme wanataka nichange mara mbili.

FundiWaya
Kwa T1 uniti 5 ni 1,800. Bado huo ni chini ya bei ya chungu kimoja cha mkaa cha Mama Nadia. Kwenye mchango, mita ndogo ya kuchomeka ukutani itawaonyesha unachokula wewe. Kama watakubali kuifuata, hapo sijui, kila nyumba na watu wake.

RukiaMamaLishe
Mimi napika maharage kilo tano kwa siku, sufuria ya lita 20. Kumbe nikinunua presha kuka nitaokoa pesa nyingi?

FundiWaya
Dada Rukia, hizi za nyumbani ni lita 6. Maharage hayatakiwi kupita nusu ya chungu pamoja na maji, maana povu linapanda na kuziba vali. Kilo tano zitakuchukua mizunguko mitano au zaidi. Hesabu yako ni ya gesi ya mtungi mkubwa, na inahitaji uzi wake.

MamaNadia_Temeke
Asante fundi. Vipi ikiharibika? Jirani yangu anayo, anasema siku hizi inakula umeme kama pasi.

ZaituniJikoni
Mwambie akague mpira wa kwenye mfuniko. Ukichanika au ukilegea, mvuke unatoka pembeni, presha haipandi, na jiko linawaka bila kupumzika. Dalili ni maji mengi kupungua na kipini cha vali kutoinuka. Mpira unauzwa peke yake, apeleke mfuniko dukani alinganishe kipenyo. Pia asichomeke kwenye ekstensheni nyembamba pamoja na friji. Ukigusa plagi ukaikuta ya moto, waya haufai.

Na gesi nayo uipime. Kwenye shingo ya mtungi pamegongwa uzito wa mtungi mtupu. Ongeza 15, uweke kwenye mizani mbele ya muuzaji. Na moto ukiwa wa njano unaoacha masizi, matundu ya bana yameziba. Sugua kwa brashi kavu, zibua kwa sindano.

MkaaBeiPoa
Sawa, kwa maharage nimekubali. Ila samaki wa kuchoma na chapati za watu wengi, mkaa haujapata mpinzani.

FundiWaya
Samaki wa kuchoma sikupingi. Chapati naona gesi inatosha, ukitumia bana kubwa na kikaango kizito. Mama Nadia, mwezi ujao kabla hujanunua LUKU ya pili, angalia umeshatumia uniti ngapi. Miezi ya joto feni peke yake inaweza kukusogeza kwenye 75, na hapo wa kupunguza ni feni, si presha kuka.