Tupeane uzoefu: unakagua nini kabla ya kutuma barua pepe nzito?

Dada wa Mpakani (Busia)

Habari za jioni wenzangu. Nianze na langu, kisha nanyi mlete yenu.

Nafanya kazi katika ofisi ya usafirishaji hapa Busia. Mizigo inatoka Mombasa, tunaipitisha mpakani, inafika Kampala. Mwaka jana nilikuwa na wateja wawili ambao majina yao ya kwanza yanafanana. Mmoja tulikuwa tumempa bei ya dola 3,100 kwa kontena la futi 40. Mwingine, kwa sababu ana mizigo mingi, tulimpa dola 2,850. Ijumaa jioni nikamaliza kuandika ile bei ya 2,850, nikaenda kwenye sehemu ya To, nikachapa herufi tatu za kwanza. Gmail ikanijazia jina lililobaki, nikabonyeza, nikatuma. Ilikuwa imenijazia yule wa 3,100.

Jumatatu alipiga simu akiwa mpole tu. Alisema, "Dada, nimeona bei yenu mpya, nashukuru." Hakukuwa na la kumwambia. Alikuwa na kontena sita njiani, tukampunguzia 250 kwa kila moja, ofisi ikakosa dola 1,500. Bosi hakunifukuza, ila kwa miezi miwili kila barua yangu ilipitia kwake kwanza.

Siku hizi nimegeuza utaratibu wote. Sehemu ya To inabaki tupu mpaka mwisho kabisa. Naandika barua, naweka kiambatisho, nasoma kwa sauti ya chini, ndipo najaza anwani. Nikiwa najibu barua ya mtu, anwani inakuwa imeshajazwa, basi naikata kwanza na kuibandika pembeni. Hata nikiteleza kidole nikabonyeza Send, barua haina pa kwenda. Na nikishajaza anwani sisomi jina linaloonekana. Napeleka kishale juu yake mpaka anwani kamili itokee, nasoma hasa kile kilicho nyuma ya @.

Wengine mnafanyaje?

Fundi Arua

Pole sana dada. Lakini hilo lina dawa rahisi. Ukishatuma kimakosa, unairudisha tu. Kazini kwetu tunatumia Outlook, kuna kitu kinaitwa Recall This Message. Nimekitumia mara mbili na barua ikatoweka kwa aliyetumiwa.

Karani wa Zamani (Entebbe)

Fundi, mara hizo mbili uliwatumia watu wa ofisi yenu wenyewe, sivyo? Recall inafanya kazi pale tu wewe na mpokeaji mko katika mfumo mmoja wa ofisi. Barua ikishatoka kwenda kwa mteja wa nje mwenye Gmail, hairudi. Na mara nyingine mpokeaji anapata ujumbe wa pili unaomwambia kwamba ulitaka kuiondoa ile ya kwanza. Hapo ndipo anaifungua haraka, hata kama alikuwa hana haja nayo.

Gmail haina kurudisha. Ina kuchelewesha. Ukibonyeza Send, yenyewe inaishikilia barua sekunde chache kabla ya kuiachilia, na kawaida imewekwa sekunde 5 tu. Nenda kwenye Settings, See all settings, General, tafuta Undo Send, weka 30, kisha shuka chini kabisa ubonyeze Save Changes. Wengi wanasahau hilo la mwisho, wanadhani wameweka.

Ila dada wa Busia, sekunde 30 zisingekuokoa wewe, kwa sababu hukujua umekosea mpaka Jumatatu. Utaratibu wako wa To tupu ni bora kuliko huu wangu. Mimi nimekaa na barua za ofisi tangu zilipokuwa za taipureta, na kitu kinachonitia hofu zaidi ni mkia wa barua. Mnajadiliana ninyi kwa ninyi kuhusu mteja, barua inakwenda na kurudi mara nane, halafu mtu anamwongeza mteja ili kumpa jibu. Jibu ni zuri kabisa. Lakini huko chini, barua ya tatu, mwenzenu ameandika kiwango cha chini kabisa mnachoweza kukubali. Nimeona mkataba ukishushwa bei kwa njia hiyo, na mteja hakusema lolote, aling'ang'ania tu namba ileile mpaka tukajiuliza ameitoa wapi. Tangu siku hiyo, barua yoyote inayotoka nje naianza upya. Kama lazima niendeleze ileile, nabonyeza vile vidoti vitatu vinavyoficha maneno ya zamani, nasoma mpaka chini.

Mwalimu Lira

Mimi langu ni majina. Nilipokuwa naandikia wafadhili wa shule yetu, kila barua naichukua ya zamani, nabadilisha juu, nabadilisha kiasi, natuma. Siku moja mfadhili akanijibu kwamba amefurahi kusoma habari zetu, lakini yeye si yule niliyemtaja katika aya ya tatu. Juu nilikuwa nimebadilisha. Katikati jina la mwingine lilibaki.

Sasa nikitumia barua ya zamani nabonyeza Ctrl+F, nachapa jina la yule wa kwanza, nahakikisha halipo popote. Kisha natafuta pia jina la taasisi yake, maana hilo ndilo linalojificha.

Na jambo jingine la kwetu Uganda. Kuna kijana alitoka kusini akaja ofisini kwetu, akamwandikia mkuu wa idara "Bw. Akello". Huku Lango na Acholi, kwa kawaida Okello ni mwanamume na Akello ni mwanamke. Mama yule alijibu barua, lakini alianza kwa kujitambulisha upya, aya nzima. Mimi nami niliwahi kumwandikia mtu wa Buganda jina lake kwa S moja, na yeye huandika mbili. Usiandike jina kama unavyolisikia. Linakili kutoka chini ya barua yake ya mwisho, pale alipojiandikia mwenyewe. Na cheo kichukue hapohapo, kama ni Hajjat au Injinia.

Msaka Kazi

Hilo la majina ni kweli! Nilituma maombi ya kazi, faili langu likiitwa "CV mpya mpya MWISHO 2". Rafiki yangu aliye katika ofisi ya ajira akaniambia wanapakua mafaili 200 kwa siku moja, langu lisingejulikana ni la nani. Sasa naandika jina langu, kazi ninayoomba, na mwaka.

Mwalimu Lira

Mdogo wangu, mimi nilisema majina ya watu, lakini umeleta la maana.

Msaka Kazi

Samahani mwalimu, nilisoma haraka. Na nina swali. Gmail si inakukumbusha ukisahau kuweka kiambatisho? Mimi naitegemea hiyo.

Dada wa Mpakani (Busia)

Inakukumbusha ikiona umeandika kwa Kiingereza kwamba umeambatisha kitu. Mimi nikiandika "nimeambatisha" haijawahi kunionya hata siku moja. Na hata ikikuonya, haijui kama faili ni lenyewe. Ninachofanya ni kuambatisha, kisha nalifungua faili kutoka ndani ya barua yenyewe, si kutoka kwenye folda. Kwenye folda utafungua lile unalodhani umeliweka. Ndani ya barua utaona lile uliloliweka kweli. Nimekamata hivyo ankara ya mwezi uliopita mara tatu.

Kama ni Excel, natazama vichupo vya chini vyote, kwa sababu cha pili ndicho tunachopigia hesabu ya faida yetu. Bosi alishasema Excel isitoke nje, itoke PDF.

Mama Pacha

Naomba niongeze, kwa sababu lilimpata binti yangu na bado linaniuma. Alikuwa anaomba ufadhili wa masomo. Vyeti alivipiga picha kwa simu, vikawa vizito, na Gmail inakubali MB 25 tu. Vikizidi hapo, inaviweka Drive na kutuma kiungo. Yeye aliona vimekwenda, akalala. Asubuhi akakuta ujumbe wa Request access: mtu wa upande wa pili ameshindwa kufungua na anaomba ruhusa. Muda ulikuwa umefungwa usiku wa manane. Tuliandika, tukaeleza, hawakukubali.

Karani wa Zamani (Entebbe)

Pole mama, hilo ni zito. Kwa wengine: kiungo kijaribuni kabla. Kinakili, fungua dirisha la Incognito ambalo hujaingia kwenye akaunti yako, kibandike. Kikikutaka uingie, na mpokeaji atatakiwa hivyohivyo. Na picha za vyeti zipunguzeni uzito kwanza, ziingie kwenye PDF moja. Mara nyingi hutahitaji Drive kabisa.

Afande Mstaafu

Ninyi mnazungumzia faili, mimi nilipoteza mteja kwa lugha. Kiswahili changu nilikipata jeshini. Nilipostaafu nikaingia biashara ya samaki na mtu wa Mwanza. Nikamwandikia: "Malipo hayajafika. Tuma kabla ya Jumatano. Nijibu leo." Kwangu ilikuwa barua ya kawaida. Yeye alilipa Jumanne, akaandika, "Amri imetekelezwa," na hakununua tena.

Mke wangu ni mtu wa Tanga. Aliisoma akanyamaza kwanza. Kisha akaniandikia upya: "Habari za kazi ndugu yangu. Naomba kukukumbusha malipo ya mzigo wa tarehe 3. Ningeshukuru yakifika kabla ya Jumatano, kwa kuwa siku hiyo nami nalipa wavuvi. Kama kuna tatizo, tafadhali niambie tulipange." Siku ni ileile. Lakini kuna salamu, kuna sababu, na kuna mlango. Sasa kila barua kwenda Tanzania naanza kwa kutafuta vitenzi vya amri: tuma, leta, jibu. Kila kimoja nakipa "naomba" mbele.

Fundi Arua

Afande, kwa heshima, sikubaliani na yote. Mimi nawaandikia Wakongo wa Ariwara na Bunia. Ukizungusha sana, hawaoni unachotaka. Wao ukisema "leta hati leo", wanaleta na hakuna aliyekasirika.

Afande Mstaafu

Basi inategemea unamwandikia nani. Hilo nakupa.

Karani wa Zamani (Entebbe)

Barua niliyoandika nikiwa na hasira siitumi siku hiyohiyo. Pembeni ya Send kuna mshale mdogo, ndani yake Schedule send. Naipanga iende kesho saa mbili asubuhi, yaani 8:00 kwenye kioo, angalieni hapo msichanganye. Saa moja naamka naisoma. Nyingi nimezifuta.

Dada wa Mpakani (Busia)

Nashukuru mzee. Kwetu zabuni hufungwa saa kumi jioni na bei huja saa tisa, sina kesho. Lakini nina swali linalonisumbua. Mwenzangu aliwajulisha waombaji kazi 40 matokeo yao, akawaweka wote kwenye To badala ya Bcc. Kila mmoja akaona anwani za wenzake wote. Aliomba radhi, akaishia hapo. Hapa Uganda tuna ile Sheria ya Ulinzi wa Data na Faragha ya 2019. Je, hilo linatakiwa kuripotiwa, au radhi inatosha?

Msaka Kazi

Nilishawahi kuwa kwenye orodha ya namna hiyo. Wiki ile nilianza kupokea barua za watu wanaouza "nafasi za kazi Dubai". Sijui kama zilitoka hapo.

Karani wa Zamani (Entebbe)

Mimi ningewaandikia Ofisi ya Ulinzi wa Data Binafsi na kuwaeleza, kuliko kukaa kimya. Lakini mimi si mwanasheria. Kama kuna wakili hapa, atusaidie.